Fundi wa Nakuru na fundi wa Kisumu: mtasalimianaje siku ya kwanza?

*"Mimi ni fundi wa nguo hapa Nakuru, nina miaka 33. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiongea na fundi mwenzangu wa Kisumu kwenye WhatsApp. Anajiita Nyar Seme. Amenifundisha kukata vitu vingi, tumetumiana pesa, na mwaka jana alipofiwa na mumewe nilimtumia rambirambi. Sijawahi kuuona uso wake, picha yake ni ya gauni. Mwezi ujao naenda Kisumu kuchukua vitambaa na tumekubaliana tuonane. Naona aibu. Nitamwitaje? Nimpe mkono au nimkumbatie? Naogopa tutakosa la kusema, na kwenye simu hatumalizi maneno."*

Dada, nianze na jina, kwa sababu ndilo litakalokutoka mdomoni kwanza, na watu wengi hulisahau mpaka dakika ile wanapolihitaji. Mpaka sasa nadhani unayo majina matatu ya mtu huyu. Lipo la WhatsApp, linalokuambia kwamba kwao alikozaliwa ni Seme, magharibi ya Kisumu. Lipo lililojitokeza kwenye ujumbe wa M-Pesa ulipomtumia pesa, majina yake rasmi aliyosajili laini kwayo. Na lipo lile unalomwita mkitumiana sauti, pengine "fundi" au "dada". Hilo la M-Pesa liache kwenye simu. Hakukupa yeye, mtambo ndio uliokupa, na mtu akiitwa kwa majina yake yote mawili na mtu anayemwona kwa mara ya kwanza hujihisi yuko kwenye foleni ya ofisi ya chifu. Nimewahi kuona uso wa mama mmoja ukifunga papo hapo kwa sababu hiyo tu, na aliyemwita alidhani anamwonyesha kwamba anamjua vizuri.

Mwulize mapema, siku mbili tatu kabla ya safari, bila uzito wowote: "Nikifika nikuite nani?" Jibu lake litakusaidia kuliko unavyofikiri. Akisema "niite Mama Achieng'," umejua ana mtoto, umejua anapenda heshima ya uzazi, na swali la nani mkubwa umeshalipunguza. Akisema "niite tu fundi," anataka mkutane kama watu wa kazi moja. Akikupa jina lake moja la kwanza, ama ni rika lako ama anapenda muwe kama rika. Na wewe mpe lako, maana naye anajiuliza vilevile.

Kuhusu umri, usiiamini sauti. Wapo wanawake wa miaka 60 wenye sauti ya msichana, na wapo wa miaka 30 ambao vumbi la vitambaa na kelele za cherehani zimewapa sauti nzito. Angekuwa mtu wa Mombasa ningekuambia uwe tayari na shikamoo. Huku bara mambo ni tofauti. Kuanzia Nakuru mpaka Kisumu kila aliyesoma shule anaielewa shikamoo, lakini mtaani haisikiki sana, na mwanamke asiyekupita sana umri anaweza kuona umemzeesha. "Hujambo" au "habari yako", ikifuatwa na jina alilokuchagulia, inatosha hata akiwa mkubwa wako kwa miaka 20. Heshima ya huku hubebwa zaidi na jina na mkono kuliko na aina ya maamkizi. Kama unajua neno moja la Kijaluo, *oyawore* asubuhi au *oimore* jioni, litie, lakini lije baada ya Kiswahili chenu mlichozoea. Ukianza nalo, naye akakujibu kwa Kijaluo kirefu, utakuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Sasa ile aibu. Inatoka mahali panapojulikana, na ukipajua hutaiogopa sana. Mtafiti wa mawasiliano Joseph Walther alieleza mwaka 1996 kwamba watu wanaojuana kwa maandishi tu wakati mwingine hufika mbali kwa ukaribu kuliko wanaoonana ana kwa ana. Sababu yake ni rahisi. Anayeandika huchagua cha kuonyesha na hupata muda wa kukipanga. Anayesoma, kwa kuwa hana uso wala mwendo wa kuangalia, hujaza mwenyewe nafasi zilizobaki, na huzijaza kwa mazuri. Wewe umemjaza Nyar Seme kwa miaka miwili. Umempa urefu, umempa rangi, umempa namna ya kucheka, bila hata kukusudia. Yeye naye amekufanyia hivyohivyo. Siku ya kuonana, mtu mliyekuwa mmemtengeneza kila mmoja kichwani mwake lazima aondoke, na aliye mbele yako akae mahali pake. Hilo halichukui saa nzima. Huchukua muda mfupi tu, lakini ni muda ambao macho yanafanya kazi kubwa na ulimi hauna nguvu. Salamu ndefu za Kiswahili zinafaa mno hapo. Zinakupa maneno yasiyohitaji kufikiriwa wakati macho yako yanamzoea mtu. Hili ndilo jambo kuu ninalotaka ulishike: usizifupishe. Mtu wa mtandaoni hushawishika kuruka salamu kwa sababu anaona "si tunajuana?" Mnajuana ndiyo, lakini miili yenu haijajuana.

Kitu pekee cha mwili wake ulicho nacho tayari ni sauti. Kwa hiyo itangulize. Ukitoka Nakuru asubuhi kwa matatu inayopitia Kericho, mtumie ujumbe mfupi ukifika Ahero, kwa kuwa kutoka hapo umebakiza kama kilomita 25 tu naye atapata nafasi ya kuweka kazi chini na kujitengeneza. Ukishuka, usimtafute kwa macho kwanza. Mpigie. Ongeeni kama mlivyozoea: uko wapi, umevaa nini, umesimama karibu na nini. Hapo sauti mnayoijua inaanza kushikana na mtu msiyemjua mkiwa bado mbalimbali. Mkishaonana, inua mkono, sema "nimekuona", kata simu na uitie mfukoni. Usitembee mpaka mbele yake ukiwa bado na simu sikioni. Nimeona watu wakifika uso kwa uso huku bado wanaongea kwa simu, kisha wote wawili wanakata kwa pamoja, na kile kimya cha baada ya kukata kinawapiga wakiwa hatua moja mmoja kwa mwenzake, hawana tena pa kuanzia.

Na mahali pa kuonana pachagueni kwa akili. Mwaka 1973 watafiti wawili, Adam Kendon na Andrew Ferber, walichapisha uchunguzi wao wa filamu za watu wakisalimiana kwenye sherehe. Walionyesha kwamba salamu ina hatua: watu huonana, hupeana ishara kwa mbali, kisha mara nyingi hupunguza macho wakati wanakaribiana, na macho hurudi usoni wanapobakiza kama mita tatu, ndipo tabasamu la karibu, maneno na mguso hufuata. Waliona pia watu wakijigusagusa njiani, wakirekebisha nguo au kupitisha mkono mbele ya mwili. Kwa hiyo ukijikuta unavuta kitambaa cha kichwa au unaangalia chini unapomwendea, hujakosea chochote, na yeye akiangalia pembeni hajakudharau. Kinachosumbua ni ule mwendo wa katikati ukiwa mrefu. Mkiambiana mkutane katikati ya uwanja mpana, mtaonana mkiwa mita 60, mtapungiana mikono, kisha kila mmoja atakuwa na karibu nusu dakika ya kutojua macho ayaweke wapi. Chagueni kona, mlango wa duka la vitambaa linalojulikana, au lango. Mtaonana mkiwa hatua kumi na mtafika mara moja. Kama ni soko la Kibuye, msipange Jumapili, siku ambayo watu hufurika pale. Mtasukumwa na mizigo na salamu yenu itavunjika vipande.

Mkono wako wa kulia uwe mtupu. Nasema hivi kwa sababu najua utabeba kitu, na ni vizuri, hatuendi kwa mtu mikono mitupu. Lakini viazi vya Molo au majani ya chai yawe kwenye mfuko ulioning'inia bega la kushoto. Ukifika umekumbatia mfuko kifuani, ataupokea mfuko, atashukuru mfuko, na salamu itapotea hapo. Zawadi itatoka mkishakaa.

Umeuliza kama ni mkono au kumbatio. Mpe mkono. Vijana wa mjini siku hizi wanakumbatiana, na huenda yeye ni mmoja wao, lakini kumbatio lina ubaya wa kukuficha uso wa mtu wakati ule hasa unaohitaji kuuona, tena humlazimisha aliyekuwa hajajiandaa. Mkono unakuacheni mkitazamana. Akionekana amekupita umri, shika kiwiko au kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto unapompa, na uiname kidogo tu, si kama mtoto wa shule. Akitaka kukuvuta kukumbatia, nenda naye, usikaze mwili. Kisha, na hili watu wa Nakuru mjini huwa tunawaambia, usiuchomoe mkono haraka. Huku kwetu mkono unaweza kushikwa tangu "hujambo" mpaka "watoto wanaendeleaje". Mwenzako akiushikilia hana nia nyingine, anasalimia tu. Wapo pia waliobaki na gota tangu corona iingie nchini Machi 2020, na wapo ambao dini yao haiwaruhusu kupeana mkono na jinsia nyingine, wao huweka kiganja kifuani. Kwenu nyinyi wanawake wawili hilo la pili halihusu, ila akikuletea ngumi ya gota, igongeni na muendelee.

Maneno yenyewe sasa. Nitakuandikia jinsi yanavyoweza kwenda, ili uone kila kipande kinafanya nini.

— Hujambo, Mama Achieng'? Ndiye mimi, fundi wako wa Nakuru.

— Ala! Ndiye wewe! Sijambo sana. Karibu Kisumu. Habari ya safari?

— Salama kabisa. Habari za hapa?

— Njema tu. Watu wa Nakuru hawajambo?

— Hawajambo, wanakusalimu. Yule mteja wangu wa gauni la harusi, lile ulilonionyesha kukata mgongo, amesema nikufikishie salamu zake mwenyewe.

— Weee! Kwani lilimkaa?

Angalia mistari minne ya mwanzo. Hakuna habari yoyote ndani yake. Ungekuwa umetapika njia nzima ya Kericho bado ungesema "salama", na kama kuna tatizo ungelileta baadaye, "salama, ila barabara ilikuwa na foleni." Kazi ya mistari hiyo ni kuwapa zamu fupi zinazopishana, kila mmoja akijua mwenzake atasema nini. Katika zamu hizo utamzoea usoni kihalali, kwa kuwa wakati wa kusalimiana tunaruhusiwa kumtazama mtu kuliko wakati wowote mwingine. Utaona jino lililopengoka, kovu, macho yanayofanana au yasiyofanana na uliyemfikiria, na hutahitaji kusema lolote juu yake.

Daraja lenyewe liko mstari wa tano. Pale unaacha maneno ambayo ungemwambia mtu yeyote njiani na kuleta jambo ambalo ni Nyar Seme peke yake analielewa. Linakuwa dogo, la furaha, na linajibika kwa neno moja. Mara tu analisikia, yule wa kwenye simu na huyu aliyesimama mbele yake wanakuwa mtu mmoja. Ndiyo maana nimemleta yule mteja. Salamu za mtu wa tatu hazina kifani kwa kazi hii: umempa kitu cha kupokea, umemwonyesha kwamba kazi yake inaongelewa Nakuru, na umempa swali la kuuliza. Kabla ya kusafiri mwendee mteja wako mmoja halisi, mwambie unaenda kumwona fundi aliyekufundisha kukata ile nguo, umwombe salamu. Usizitunge. Nyar Seme akija kumpigia mteja huyo simu siku moja kumshukuru, zitakuumbua.

Mstari huo wa tano usiulete mapema. Ukiuweka kwanza, kabla hata hajapokea mkono, atakujibu huku bado anakutafuta usoni, na jibu litakuwa kavu, nawe utadhani hakufurahi. Wala usilete jambo zito mahali pake. Deni, ugonjwa, kesi ya shamba, hayo mliyaongea usiku kwenye simu na yatapata wakati wake.

Na kuna kauli moja nakusihi uifungie kabisa: ile ya "kumbe". "Kumbe we ni mfupi hivi." "Kumbe we ni mtu mzima." Hata ya kusifu, "kumbe we ni mrembo!", inamwambia kwamba ulikuwa umemtarajia vingine. Inatoka yenyewe, kwa sababu ndicho kichwa kinachofanya wakati huo, kinalinganisha. Nieleze niliyoyaona. Wafugaji nyuki wawili, mmoja wa Bungoma na mwingine seremala wa mizinga kutoka karibu na Nakuru, walikuwa wakitumiana sauti kwa muda mrefu, wanacheka, wanabishana juu ya upana wa nafasi kati ya mbao za mzinga. Nilikuwepo walipokutana Kakamega. Wa Bungoma alikuja kwa magongo. Hakuwa amewahi kusema, na kwa nini angesema, mazungumzo yao yalikuwa ya nyuki. Seremala alimwona, akainua mkono, kisha macho yake yakashuka kwenye mguu na yakakaa huko. Mdomo ulifunguka, ukafungwa. Kuanzia hapo hata kutoa mkono akachelewa, kwa kuwa hakujua kama mwenzake ataachilia gongo au la.

Aliyeokoa ni yule wa magongo. Alisimama imara, akaegemeza gongo la kulia kwenye kwapa, akanyoosha mkono yeye kwanza na kusema kwa ile sauti ya kwenye simu, "Habari ya Nakuru, fundi?" Seremala akajibu nzuri. "Habari ya nyumbani?" Nzuri. "Habari ya safari?" Nzuri, salama. Aliendelea kumuuliza, polepole, habari ya mvua, habari ya watoto, mpaka nikaona macho ya seremala yamepanda yakarudi usoni. Ndipo akamwambia, "Sasa nionyeshe huo mzinga wako mbovu." Wakacheka wote wawili, wakaenda kwenye gari kuutoa. Habari ya mguu aliieleza mwenyewe jioni, mkaa ukiwa umeshika na chai mezani, wala hakuulizwa. Ninapenda mtu aone kwamba salamu zile hazikuwa za kujificha. Alimpa mwenzake muda, akampa kitu cha kujibu wakati akishindwa kufikiri. Nawe siku hiyo ukimwona Nyar Seme amekutazama akaganda, mfanyie hivyo. Ongeza habari mbili tatu. Usimuulize "mbona unaniangalia hivyo?"

Liko jambo la msiba, nami naliona zito kuliko la mkono. Ulimtumia rambirambi na hukukosea. Lakini watu wengi wa huku hawaihesabu pole ya simu kuwa imekwisha mpaka imesemwa ana kwa ana, na yeye, hata asipoonyesha, atajua kama umeipita. Usiiseme njiani kwenye ile salamu ya kwanza, watu wakiwapita na mizigo. Ngoja mkae. Mkishakaa, kabla chakula hakijaja, mshike mkono tena na useme kwa maneno machache: "Pole tena kwa Baba Achieng'. Nilikuandikia, lakini nilitaka nikuambie mwenyewe." Kisha nyamaza. Usimuulize aliuguaje, usimwambie Mungu ana mipango yake. Akitaka kusimulia atasimulia, akisema tu "asante, tumeshukuru," basi limekwisha na mgeukie mengine bila haraka. Ukiacha mpaka mnaagana, utamwachia machozi stejini. Na ukisema wakati anakula, hatakula.

Sasa kimya unachokiogopa. Hakiji kwenye salamu, huja mkishakaa, salamu zimeisha na mezani hamna kitu. Kwenye simu mlikuwa na dakika kumi za kutafuta jibu na mlijibizana mkiwa mnashona. Mikono ilikuwa na kazi. Mezani mikono imelala na jibu linatakiwa papo hapo. Dawa yake ni kuipa mikono kazi. Msianze kwa kukaa hotelini. Tembeeni kwanza madukani mchague vitambaa, kwa kuwa ulikuja kwa ajili hiyo. Mtasimama bega kwa bega mkikivuta kitambaa, mtakisugua, mtakiangalia kwa mwanga, atakuambia hiki kitachuja, kile kinasinyaa, na maneno yenu ya WhatsApp yatarudi yenyewe kwa kuwa hamtazamani. Baadaye ndipo samaki na ugali. Mezani kaeni kwenye kona ya meza, si uso kwa uso kama mahakamani.

Akiwa mkimya zaidi ya ulivyomjua, usihukumu haraka. Wapo watu hodari wa kuandika na kutuma sauti ambao mbele ya mtu ni wapole sana. Angalia kama anakurudishia maswali. Mkimya anayesema "na wewe je?" yuko pamoja nawe, hata kama hasemi mengi. Angalia kama mwili wake umekuelekea, kama anakuongezea mchuzi, kama anarekebisha kiti ukae kivulini. Lakini akikujibu kwa neno moja, asirudishe swali hata mara moja, na macho yakirudi kila mara kwenye simu, fupisha. Ndiyo maana ni vizuri umwambie tangu mapema kwamba una matatu ya saa tisa. Saa hiyo ikifika na mambo ni mazuri, mtaongeza. Yakiwa magumu, mnaachana kwa heshima na urafiki wenu wa simu hauvunjiki. Wengine urafiki wao unakaa vizuri kwenye simu tu, na hilo si tusi kwa mtu.

Kuhusu usalama nitasema kwa ufupi, kwa kuwa hujauliza lakini nisingependa ulale bila kufikiria. Picha ya gauni si uso. Wiki moja kabla, mwombe mpigiane vidio hata dakika mbili, kwa kisingizio cha kumwonyesha kola unayoshona. Huo utakuwa mwanzo wa kuondoa ugeni, na pia utajua kwamba sauti na mtu ni kitu kimoja. Akikwepa vidio kila mara, onaneni, lakini mchana, dukani palipo na watu, na mtu wa nyumbani ajue uko wapi. Usitume pesa ya vitambaa kabla hujaviona. Mtu mwema haoni vibaya ukijihadhari hivyo.

Mwisho wa siku atataka kukusindikiza mpaka steji. Mkubalie, hata kama una haraka na unaijua njia, kwa sababu mwenyeji wa huku asipomtoa mgeni hujiona hakumpokea. Akikulipia nauli, pokea. Atakapokuja Nakuru, ya kwake utailipa wewe, na hapo ndipo umpangie tarehe, kabla matatu haijajaa.